Mzabuni wa mwisho kaenguliwa, mshindi akabadilika. Jedwali letu lina kasoro gani?

Katibu_Kamati

Wakuu, salaam. Mimi ni katibu wa kamati ndogo ya ununuzi, tuko watano. Tuliomba kotesheni za pampu za maji 40, wasambazaji wanne wakajibu. Kwenye barua ya mwaliko tulitaja uzito wa vigezo: bei 50, muda wa kuleta mzigo 20, uaminifu 30. Kanuni ya kugeuza bei na siku ziwe alama hatukuiandika, tuliona ni mambo ya ndani ya kamati.

Bei sitaziweka kama zilivyo. Ya chini nimeiita 100, nyingine nimezipima kwayo.

```
Mzabuni   Bei   Siku   Uaminifu (kati ya 10)
A         100   30     6
B         112   14     7
C         118   21     9
D         180   10     8
```

Kwenye bei na siku tulifanya hivi: aliye bora anachukua alama zote, aliye mbaya kuliko wote anapata sifuri, wa katikati wanagawiwa kulingana na walipo. Uaminifu tulichukua alama ya kati ya 10 tukazidisha kwa uzito. Matokeo: B 79.5, C 74.8, A 68, D 44. Kamati ikaridhika na B.

Siku naandika muhtasari, mjumbe mmoja akaona D hakuambatisha dhamana ya mtengenezaji, na mwaliko ulisema ni lazima. Akaenguliwa. Nikafuta mstari wake, jedwali likajihesabu upya: A 68, B 57.7, C 38.3. Yaani A kapanda kileleni bila alama yake kubadilika hata kidogo, na B kaporomoka alama 22 bila kubadilisha chochote kwenye kotesheni yake.

Mwenyekiti anasema tusaini A tumalize. Wajumbe wawili wanasema hapa pana mchezo. Mimi ndiye ninayeshika kompyuta, kwa hiyo macho yote yako kwangu. Inawezekanaje wa mwisho akitoka abadilishe wa kwanza?

Bei_Kwanza

Mkuu hakuna mchezo hapo. A ndiye wa bei ya chini, na bei ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko vyote. Huyo D na bei yake ya ajabu ndiye aliyekuwa anawaficha ukweli. Katoka, ukweli umeonekana. Saini A.

Fundi_Visima

Pampu za kuzamisha au za juu? Na kina ni mita ngapi? Watu wengi wananunua pampu bila kuangalia inasukuma maji kwa urefu gani, halafu wanalaumu msambazaji. Tupe kina na kipenyo cha bomba, tutakushauri aina.

Katibu_Kamati

Fundi asante, mambo ya kitaalamu yalishapitishwa na mhandisi, wote wanne wanakidhi. Swali langu ni la alama tu.

Bi_Hesabu

Katibu, hesabu yako haina kosa la kujumlisha. Kasoro iko kwenye kanuni, na Bei_Kwanza amepatia nusu: ni kweli D alikuwa anavuruga kipimo cha bei. Ila alipotoka hakuacha ukweli, aliacha uvurugaji wa upande wa pili.

Tazama safu ya bei peke yake. D akiwepo, kipimo chako kinaanzia 100 na kuishia 180. B na 112 yake anaonekana yuko karibu kabisa na A, anapata 42.5 kati ya 50. C anapata 38.8. Kwa sababu D yuko mbali sana, tofauti za hao wengine watatu zimebanwa zikawa ndogo. D akitoka, kipimo kinaanzia 100 na kuishia 118. Sasa C ndiye "mbaya kuliko wote", anapata sifuri. B anapata 16.7.

Jiulize kilichosemwa hapo. Jedwali la pili linasema kwamba tofauti ya bei ya asilimia 18 ina thamani ya alama zote 50 za bei. C na uaminifu wake wa 9 hawezi kuziba shimo hilo, maana uaminifu wote mzima una alama 30. Hakuna mjumbe aliyekaa akaamua kwamba asilimia 18 ni mbaya kiasi hicho. Imeamuliwa na nani aliyeleta kotesheni na nani aliyeenguliwa.

Ndiyo maana kanuni hii ya "bora hadi mbaya" naiogopa kwenye ununuzi. Wazabuni wakiwa wawili tu inakuwa kichekesho: mmoja anapata 50, mwingine sifuri, hata kama wamepishana kiasi cha kununulia chai ya wajumbe. Na inafungua mlango wa hila. Ukitaka kudhoofisha kigezo cha bei, tafuta rafiki alete kotesheni ya bei ya kutisha. Hashindi, wala hakutumwa kushinda.

Njia inayotumika sana ni ya uwiano: bei ya chini kabisa gawanya kwa bei ya mzabuni, zidisha kwa uzito. Benki ya Dunia hutumia kanuni ya namna hiyo kwa alama za fedha inapochagua washauri kwa ubora na gharama. Kwako inatoa A 50, B 44.6, C 42.4. D awepo asiwepo, namba hizo hazigeuki, kwa sababu kipimo kinashikwa na bei ya chini na si ya juu.

Bei_Kwanza

Bi Hesabu naheshimu hesabu zako, lakini ona ulichokifanya. Kwa kanuni yako C anauza ghali kwa asilimia 18 na anapoteza alama 7.6 tu. Uzito wa bei mmeandika 50, kumbe kwa vitendo bei inatenganisha watu kwa alama 7 au 8, na uaminifu unawatenganisha kwa 9. Kwa hiyo uaminifu wa 30 una nguvu kuliko bei ya 50! Nikiwa mimi ndiye A, nikasoma mwaliko unaosema bei 50, nikakaza mkanda nikashusha bei, halafu nikaambiwa nimepata faida ya alama 7, nitaona nimechezewa.

Bi_Hesabu

Hapo umesema kweli na sina jibu la kukunyamazisha. Uzito ulioandikwa ni kitu kimoja, nguvu halisi ya kigezo ni kitu kingine, na nguvu hiyo inategemea wazabuni wametawanyika vipi kwenye kipimo. Kwa uwiano, bei hazifiki sifuri kamwe. Hata D wa 180 angepata 27.8. Ndiyo sababu kamati inayojua soko lake, kama bei hupishana kidogo tu, inapaswa kulifikiria hilo kabla ya kuandika uzito. Mimi huwauliza wajumbe swali moja kabla hawajagusa asilimia: mko tayari kulipa ziada kiasi gani ili mzigo uje wiki moja mapema? Wakijibu hilo, uzito unajitokeza wenyewe. Wakishindwa kujibu, ile 50, 20 na 30 wameiokota tu.

Mzee_wa_Stoo

Wanangu mnabishana juu ya kanuni na mimi naangalia safu ya siku. Siku 14 za B zinaanza kuhesabiwa lini?

Nimepokea mizigo miaka mingi. Kotesheni moja inasema siku 30 tangu oda. Nyingine inasema siku 14, ukisoma mstari wa chini kabisa kwa maandishi madogo, "baada ya kupokea malipo ya awali". Nyingine inasema baada ya sampuli kukubaliwa. Mnaziweka zote kwenye safu moja kana kwamba ni siku za aina moja. Kabla ya kugawa alama, kila kotesheni iletwe kwenye mwanzo mmoja, yaani siku mliyotoa oda, na mwisho mmoja, yaani siku mzigo umeshushwa mlangoni kwenu na kuhesabiwa. Maana kuna wengine "wameleta" mkifika mnakuta mzigo uko kwa wakala wao, mkauchukue wenyewe.

Katibu_Kamati

Mzee, shikamoo. Nimerudi kwenye faili. A na C wameandika "tangu kupokea oda". B ameandika siku 14 baada ya malipo ya awali ya asilimia 40. Kwetu hati ya malipo ikiingia uhasibu, hadi fedha zifike kwa mtu ni siku 10 hivi, hapo hakuna aliyesafiri.

Mzee_wa_Stoo

Marahaba. Basi B ni 24, si 14. Tena C ni mwepesi kuliko yeye.

Bi_Hesabu

Mzee ameokoa kikao. Katibu, kabla sijahesabu, neno moja kuhusu siku. Bei ikipungua kila shilingi ni faida, lakini siku si hivyo. Mnazihitaji pampu lini? Kama mafundi wa kufunga wanaingia wiki ya tatu, mzigo uliofika siku ya 10 utalala stoo tu, hauna sababu ya kupewa alama zaidi ya uliofika siku ya 14.

Katibu_Kamati

Mafundi wanaanza baada ya wiki mbili tangu oda. Wanaweza kungoja, kuna kazi nyingine za kufanya, ila zikipita siku 30 mkataba wao unaanza kutudai.

Bi_Hesabu

Basi kipimo cha siku kimejitengeneza, na hakitegemei mzabuni yeyote: siku 14 au pungufu ni alama 20 zote, siku 30 ni sifuri, katikati inashuka sawasawa, zaidi ya 30 ni kuenguliwa. A anapata 0. B kwa siku 24 anapata 7.5. C kwa siku 21 anapata 11.25.

Weka pamoja na bei kwa uwiano na uaminifu mlioupa:

```
     Bei    Siku    Uaminifu   Jumla
A    50.0    0.0     18.0      68.0
B    44.6    7.5     21.0      73.1
C    42.4   11.25    27.0      80.6
```

Sasa anaongoza C, ambaye hakuna aliyekuwa anamtaja. Nimejaribu kusukuma uzito: hata bei ikipewa 70, siku 10, uaminifu 20, C anabaki mbele kwa 82.9, A ana 82. Karibu mno, lakini mbele.

Mkaguzi_Mstaafu

Nimewasoma kimya na sasa nina neno. Bi Hesabu, kanuni yako ni nzuri, ila unaichagua huku bei zote ziko mezani. Mkaguzi atakayefungua faili hilo hataangalia uzuri wa kanuni. Ataangalia tarehe. Muhtasari unaoonyesha kwamba kanuni ilibadilishwa baada ya mzabuni kuenguliwa, na mshindi akabadilika kutoka B kwenda A kwenda C, kwake huo ni mtiririko wa watu wanaotafuta jina fulani. Hata kama nia ilikuwa safi.

Kanuni ya alama ilitakiwa iwe kwenye mwaliko, au angalau kwenye muhtasari uliosainiwa kabla ya bahasha kufunguliwa. Kwenye sheria za Umoja wa Ulaya, Agizo la 2014/24/EU linadai uzito wa vigezo utajwe mapema kwenye nyaraka za zabuni, na busara yake iko wazi kwa yeyote anayeshika fedha zisizo zake. Uzito bila kanuni ni nusu ya ahadi, kama uzi huu ulivyoonyesha.

Katibu_Kamati

Mkaguzi, kwa hiyo tufanyeje? Tuwaite tena wote?

Mkaguzi_Mstaafu

Kama muda unaruhusu, ndiyo, ningefuta na kualika upya nikiwa na kanuni mkononi. Ubaya wake bei zimeshavuja kwa njia moja au nyingine, A anajua yuko chini, hatashuka tena, huenda hata akapanda. Kama muda hauruhusu, andikeni wazi kwamba mwaliko haukutaja kanuni, onyesheni matokeo kwa kanuni kila moja inayokubalika, kisha kamati itoe sababu ya kuchagua. Msifiche jedwali la kwanza. Hilo la siku za B ni rahisi, ni ufafanuzi: waandikieni wote watatu barua ileile mkiuliza siku ngapi tangu oda hadi mlangoni. Wasiruhusiwe kugusa bei.

Bi_Hesabu

Sipingani naye. Ila mkaguzi akubali kwamba ile kanuni ya kwanza nayo haikuwa imeandikwa popote. Kuing'ang'ania kwa sababu tu ndiyo ilianza kutumika nako ni kuchagua.

Mkaguzi_Mstaafu

Nakubali. Ndiyo maana nilisema ningefuta.

Mgeni_Jukwaani

Samahani kuingilia. Mimi jedwali langu nilimwengua mtu nikampaka rangi nyekundu tu, mstari ukabaki. Inaathiri?

Bi_Hesabu

Inaathiri, na ni kosa ninalolikuta kila mara. Rangi haiondoi namba kwenye hesabu. Kama bei ziko C5 hadi C8 na uzito uko B2, fomula ni hii:

```
=$B$2*MIN(C$5:C$8)/C5
```

Aliyeenguliwa akiwa ndiye wa bei ya chini na mstari wake bado upo, `MIN` itaendelea kumchukua yeye, na waliobaki wote watapimwa kwa bei ya mtu ambaye hayumo. Hamishia mstari wake kwenye karatasi nyingine. Na angalia zile alama za `$`. Ukiburuta fomula bila hizo, masafa yanateleza kushuka chini na kila mzabuni anapimwa kwa kipimo chake.

Dada_Oda

Jamani mimi nina langu kuhusu uaminifu. Kwetu tulimpa msambazaji mmoja 10 kwa sababu barua zake za wateja zilikuwa tamu. Oda ya kwanza ikachelewa, ya pili ikaja pungufu, tukabaki tunapigiana simu. Katibu, hizo 6, 7 na 9 mlizipataje?

Katibu_Kamati

Swali zuri dada. A tumefanya naye kazi, oda 25, zilizofika kwa wakati na zikiwa kamili ni 15, ndiyo 6. B oda 10, kamili na kwa wakati 7. C hatujawahi kununua kwake. Alileta barua mbili za wateja, wajumbe wakazisoma wakampa 9.

Dada_Oda

Ehee! Sasa hapo mmelinganisha nini na nini? A na B mmewapima kwa makosa yao mliyoyaona. C mmempima kwa barua alizozichagua mwenyewe. Nani ataleta barua ya mteja aliyemkosea?

Bei_Kwanza

Nilisema mimi. A.

Mzee_wa_Stoo

Mwanangu Dada_Oda ameona mbali. Barua ya sifa mimi siihesabu. Wapigieni hao wateja wawili, msiwaulize kama ni mzuri, maana watasema mzuri. Waombeni nakala za delivari noti tano za mwisho, na oda zake. Tarehe ya oda, tarehe ya kupokea, idadi iliyoagizwa, idadi iliyofika. Delivari noti ina saini ya mtu wa stoo, na mtu wa stoo hasaini kitu ambacho hakikushuka. Mkipata tano au kumi mnaweza kumpa alama ya namna ileile mliyowapa A na B.

Katibu_Kamati

Na wakikataa kutoa? Si wateja wetu, hawana deni nasi.

Bi_Hesabu

Watu wengine humpa mgeni wastani wa waliobaki, ili asifaidi wala asiadhibiwe kwa ugeni. Kwako wastani wa A na B ni 6.5. Nimeweka 6.5 kwa C. Uaminifu wake unakuwa 19.5, jumla 73.12. B ana 73.14.

Bei_Kwanza

Kwa hiyo B anashinda kwa alama 0.02?

Bi_Hesabu

Hakuna anayeshinda kwa 0.02. Siku 10 za uhasibu ni makadirio, ukizifanya 11 B anashuka kwa zaidi ya alama moja. Jedwali limesema hao wawili ni sawa, na linasema pia kwamba kitu pekee kitakachowatenganisha ni rekodi ya C. Uaminifu wake ukithibitika kuwa juu ya 6.5, yuko mbele. Ukiwa chini, B.

Mkaguzi_Mstaafu

Mimi huo wastani sikubaliani nao. Mgeni hajathibitisha chochote, apewe alama ya chini kabisa inayokubalika.

Dada_Oda

Mkaguzi, ukifanya hivyo hakuna mgeni atakayeingia kamwe. Mtabaki na A na oda zake kumi zilizochelewa au kuja pungufu mpaka mzeeke.

Katibu_Kamati

Mrejesho wakuu. Barua ya ufafanuzi wa siku imeenda kwa wote watatu, ileile neno kwa neno. B amejibu kwamba anaweza kuanza kuhesabu tangu oda kama tutampa barua ya benki badala ya malipo ya awali. Mwenyekiti anauliza kama huo ni ufafanuzi au ni ofa mpya. Mteja mmoja wa C ametuma delivari noti nne, tatu zimefika kwa wakati na kamili, moja ilikuja pampu 18 badala ya 20. Mteja wa pili hajapokea simu.

Mkaguzi_Mstaafu

Hiyo ya B ni ofa mpya. Msiipokee.

Bi_Hesabu

Mimi ningesoma kwanza mwaliko wenu ulisema nini juu ya masharti ya malipo. Kama ulinyamaza, Mkaguzi, mimi na wewe tuna kazi nyingine.